Barua ya kupandisha bei isiyovunja uaminifu: namna ya kuwaandikia wateja wa siku nyingi wa ng'ambo ya Grande Barrière

Mfanyabiashara wa Gisenyi anayeuza bidhaa zake Goma hulazimika mara kwa mara kupandisha bei. Chakula cha mifugo hupanda, mazutu hupanda, na thamani ya faranga hubadilika. Wateja wake wa siku nyingi wanalijua hilo, kwa kuwa wao pia ni wauzaji. Kinachowaudhi mara nyingi ni namna wanavyopewa habari, ama kwa kuambiwa na dereva mzigo ukiwa tayari umeshushwa, ama kwa kukuta tarakimu mpya kwenye risiti bila neno lolote. Makala haya yanaeleza namna ya kuandika barua fupi inayotangaza bei mpya, hesabu zinazopaswa kufanywa kabla ya kuiandika, na dalili zinazoonyesha kwamba imefanya kazi au imeshindwa.

Kati ya Gisenyi na Goma kuna vivuko viwili vinavyojulikana sana. Petite Barrière ni njia ya waendao kwa miguu na wachuuzi wadogo. Grande Barrière, iliyo karibu na Ziwa Kivu na inayoitwa pia La Corniche, ndiyo njia ya magari. Mteja wa Petite Barrière huja mwenyewe, huona bidhaa, huuliza bei na kupatana ana kwa ana. Mteja anayepelekewa mzigo kwa gari kupitia Grande Barrière huagiza kwa simu, hupokea mzigo akiwa dukani au hotelini kwake, na mara nyingi hulipa baadaye. Yeye ndiye anayehitaji barua, kwa sababu hayupo mahali ambapo bei inaamuliwa.

Kupanda kwa bei kunakokubalika na kusikokubalika

Mwaka 1986 watafiti watatu, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, walichapisha matokeo ya maswali waliyowauliza watu kwa simu nchini Kanada. Swali moja lilihusu duka linalouza sepetu za kuondolea theluji kwa dola 15. Theluji nyingi inaanguka usiku, na asubuhi mwenye duka anapandisha bei hadi dola 20. Asilimia 82 ya waliojibu walisema hiyo si haki. Swali jingine lilihusu muuza mboga. Usafiri umevurugika, mboga zimeadimika, na yeye mwenyewe amezinunua kwa senti 30 zaidi ya kawaida. Anaongeza senti 30 kwenye bei yake. Safari hii asilimia 79 walisema anaruhusiwa kufanya hivyo.

Katika visa vyote viwili bei imepanda, na katika vyote viwili mnunuzi analipa zaidi wakati wa uhaba. Tofauti ni kwamba muuza mboga amehamisha gharama iliyomfika, ilhali mwenye sepetu ametumia shida ya jirani yake. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba mnunuzi huona ana haki ya kupata bei aliyoizoea, na hukubali kwamba muuzaji naye ana haki ya faida aliyoizoea. Muuzaji akipandisha bei ili faida yake ya kawaida isimezwe na gharama, mnunuzi hunung'unika lakini huelewa. Akipandisha kwa sababu tu mnunuzi hana pa kwenda, mnunuzi huhesabu kwamba amedhulumiwa.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hili lina maana ya moja kwa moja. Wakazi wa Gisenyi na Goma wamepitia misukosuko mingi katika muda mfupi. Mwaka 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya janga la korona. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na maelfu ya watu wakakimbilia Rubavu. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwa risasi Petite Barrière, Kongo ilipunguza saa za kufungua mpaka. Mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yaliingia Goma yenyewe. Katika kila kipindi cha namna hiyo bidhaa huadimika, na muuzaji aliyebakiwa na mzigo anaweza kudai bei anayotaka. Atakayedai hivyo atalipwa, kwa kuwa watu hawana budi kula. Lakini mteja wake wa miaka mitano atamhesabu kuwa ni yule muuza sepetu, na mpaka utakapofunguka atatafuta muuzaji mwingine.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza hutangulia barua yenyewe: bei mpya isitangazwe katika wiki ya msukosuko, hata kama sababu zake ni za kweli na zilikuwepo kabla. Mteja hatazitenganisha. Ikiwa gharama imepanda ghafla kwa sababu ya msukosuko wenyewe, kama vile kuzungukia njia ndefu, ni afadhali kuiandika gharama hiyo peke yake kama nyongeza ya muda yenye tarehe ya mwisho, na kuiacha bei ya bidhaa ilivyo.

Hesabu kabla ya kalamu

Tuchukue mfano. Muuzaji wa Gisenyi hununua mayai kwa wafugaji na kuyapeleka Goma kwa gari, trei 600 kwa wiki, kila trei ikiwa na mayai 30. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, lakini mpangilio wake ni wa kawaida katika biashara hii.

Hadi sasa hununua trei kwa faranga za Rwanda 3,900. Usafiri, ushuru mdogomdogo na mayai yanayovunjika njiani humgharimu faranga 250 kwa trei. Jumla ya gharama ni 4,150. Huuza kwa 4,500, kwa hiyo hubakiwa na faranga 350. Mfugaji anamwarifu kwamba bei yake itakuwa 4,250, kwa kuwa mahindi na soya vimepanda. Hilo si ajabu, kwani chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama ya kufuga kuku wa mayai. Wakati huohuo usafiri unafika faranga 300. Gharama mpya ni 4,550. Akiendelea kuuza kwa 4,500 atapoteza faranga 50 kwa kila trei.

Hapa kuna uamuzi ambao utaibeba au kuiangusha barua. Muuzaji anaweza kusema kwamba faida yake ilikuwa takriban asilimia 8 ya bei, na anataka ibaki asilimia 8. Basi bei itakuwa kama 4,935, na faida yake itapanda kutoka 350 hadi 385. Anaweza pia kusema kwamba faida yake ilikuwa faranga 350 na itabaki 350. Basi bei itakuwa 4,900. Tofauti kati ya bei hizo mbili ni faranga 35 tu, lakini njia ya pili humpa sentensi ambayo njia ya kwanza haiwezi kumpa: gharama imepanda kwa 400, nasi tumeongeza 400. Mteja anaweza kuikagua sentensi hiyo kwa kujumlisha mara moja. Ni muuza mboga anayezungumza.

Ikiwa muuzaji anahitaji kweli kuongeza faida yake, labda kwa kuwa mishahara au kodi ya ghala imepanda, aitaje sababu hiyo na kiasi chake. Asiandike kwamba faida haijaongezeka wakati imeongezeka. Wateja wa Goma wana ndugu na marafiki Gisenyi, na bei ya mfugaji si siri.

Fedha mbili katika barua moja

Jambo linalosahauliwa mara nyingi mpakani ni kwamba bei moja ina sura zaidi ya moja. Goma watu hutumia dola za Marekani pamoja na faranga za Kongo. Gisenyi gharama zote ni za faranga za Rwanda. Thamani hizo hazisimami mahali pamoja. Katika mwaka 2023 pekee faranga ya Rwanda ilipungua thamani kwa takriban asilimia 18 dhidi ya dola.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme bei ya 4,500 iliwekwa wakati dola moja ilikuwa faranga 1,300, na sasa dola moja ni faranga 1,400. Mteja anayevunja dola zake ili alipe kwa faranga za Rwanda alikuwa akitoa dola 3.46 kwa trei siku bei ilipowekwa. Kwa bei mpya ya 4,900 atatoa dola 3.50. Kwa mfuko wake wa dola, trei imepanda kwa senti nne tu ikilinganishwa na siku ile. Barua inayotangaza nyongeza ya faranga 400 bila kumwonyesha hilo inamtisha bure.

Sasa tugeuze mfano. Tuseme walikubaliana tangu mwanzo kwamba trei ni dola 3.46, na mteja hulipa kwa dola. Muuzaji akizivunja kwa kiwango cha sasa hupata takriban faranga 4,844, wala si 4,500. Kuporomoka kwa faranga kumekwisha kumlipa sehemu kubwa ya gharama iliyoongezeka. Ili abakiwe na faida yake ya 350 anahitaji faranga 56 tu zaidi, yaani zile senti nne. Akiandika barua ya kudai faranga 400 kwa jina la mahindi na mazutu, mteja anayesikia kiwango cha dola redioni kila asubuhi atamkamata. Hapo kinachopotea ni imani katika kila tarakimu ambayo muuzaji huyo ataiandika baadaye.

Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa fedha ambayo mteja huyo hasa hulipia, na ikiwa wateja wamegawanyika, ziandikwe barua mbili tofauti. Barua itaje wazi bei imewekwa kwa fedha gani, na itatumika kiwango cha siku gani.

Barua yenyewe

Kiswahili ndiyo lugha inayofaa zaidi kwa barua hii. Watu wa Goma hukitumia sokoni na nyumbani, na Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Barua hii inaweza kuwa kama ifuatavyo:

Gisenyi, tarehe 14 Juni

Kwako Mama,

Salamu nyingi. Kuanzia Jumatatu tarehe 30 Juni, trei moja ya mayai 30 itauzwa kwa faranga za Rwanda 4,900 badala ya 4,500.

Sababu ni mbili. Kuanzia siku hiyo mfugaji atatuuzia trei kwa faranga 350 zaidi, kwa kuwa mahindi na soya vimepanda. Usafiri hadi kwako nao umepanda kwa faranga 50. Jumla ni 400, na ndizo tulizoongeza. Tunachobakiza sisi kwa kila trei ni kilekile.

Trei ulizokwisha kuchukua na hujazilipia utazilipia kwa bei ya zamani. Mzigo wowote utakaoagiza na kupokea kabla ya tarehe 30 Juni pia ni kwa bei ya zamani. Ili kila mteja apate, tunaomba usizidishe mara mbili ya kiasi unachochukua kwa wiki.

Ukilipa kwa dola, tutatumia kiwango cha siku ya kupokea mzigo, nacho kitaandikwa kwenye risiti.

Bei hii tutaiangalia tena tarehe 1 Septemba. Mfugaji akitushushia, nasi tutakushushia kwa kiasi hichohicho.

Umechukua mayai kwetu tangu mwaka 2019, na mpaka ulipofungwa ulitulipa deni lote ingawa hatukuweza kuja kulidai. Hatujalisahau. Nitakupigia simu siku ya Jumanne ili nisikie maoni yako.

Hapo chini muuzaji mwenyewe huweka jina lake na sahihi.

Kwa nini imepangwa hivyo

Bei na tarehe vimewekwa katika sentensi ya kwanza baada ya salamu. Desturi yetu hututaka tuulizane hali kwanza, na salamu isiachwe. Lakini salamu ni jambo moja, na aya tatu za sifa kabla ya habari ni jambo jingine. Mteja anayesifiwa sana kabla ya kuambiwa jambo hujua kuna kitu kinakuja, na akishaiona bei huzisoma sifa zile kama hila. Ndiyo maana katika barua hii shukrani imewekwa mwisho, na ni shukrani ya tendo moja linalojulikana. Neno la kumshukuru mteja kwa uaminifu wake linaweza kutumwa kwa yeyote. Habari ya deni lililolipwa mpaka ukiwa umefungwa haiwezi kutumwa ila kwa mtu huyo mmoja. Ikiwa muuzaji ana wateja thelathini, sentensi hii ndiyo ya pekee anayopaswa kuiandika upya mara thelathini.

Sababu zimetajwa kwa kiasi chake. Maneno kama hali ngumu ya uchumi au kupanda kwa gharama duniani hayamwambii mteja chochote anachoweza kukikagua. Bei ya mahindi anaiona mwenyewe sokoni. Bei za mazutu nchini Rwanda hutangazwa hadharani na mamlaka ya udhibiti, RURA, kwa kawaida kila baada ya miezi miwili. Sababu inayokaguliwa huaminiwa hata na asiyekwenda kuikagua.

Tarehe ya kuanza imefungwa kwenye siku ambayo gharama mpya inamfika muuzaji. Katika utafiti ule wa Kanada, wengi wa waliojibu walisema si haki kwa mwenye duka kupandisha mara moja bei ya bidhaa alizonazo tayari rafuni, eti kwa kuwa amesikia bei ya jumla imepanda. Mayai yaliyonunuliwa kwa 3,900 yauzwe kwa bei yake. Kwa sababu hiyohiyo deni la zamani hubaki kwa bei ya zamani. Muuzaji akikosea hapa, ugomvi wake hautahusu bei mpya. Utahusu trei ambazo zimekwisha kuliwa.

Kutoa taarifa mapema kuna gharama, na ni vizuri kuijua. Tuseme mfugaji alipandisha bei bila kumpa muuzaji muda wowote. Muuzaji akiwapa wateja wake wiki mbili za bei ya zamani, atapoteza faranga 50 kwa kila trei. Kwa trei 600 kwa wiki ni faranga 30,000, na kwa wiki mbili ni 60,000. Faida yake ya kawaida ni faranga 210,000 kwa wiki. Basi muda huo, mbali na faida atakayoikosa katika wiki hizo mbili, unamtoa mfukoni kiasi kisichofika theluthi moja ya faida ya wiki moja. Asiyeweza kubeba hasara hiyo atoe wiki moja, lakini asitoe sifuri. Mwenye mgahawa aliyekwisha kupanga bei ya chakula chake anahitaji siku chache za kujipanga. Na kikomo cha mara mbili ya agizo la wiki ni cha lazima, kwani bila hicho mteja mwenye fedha nyingi atachukua shehena yote ya bei ya zamani, na wadogo watabaki na ahadi tupu.

Ahadi ya kuiangalia bei upya imewekewa tarehe, lakini haina ahadi kwamba bei haitapanda tena. Ahadi ya namna hiyo hakuna anayeweza kuitimiza mpakani. Ila muuzaji akishaandika tarehe 1 Septemba, siku hiyo amtumie mteja neno, hata kama ni kumwambia kwamba mfugaji hajashusha na bei inabaki.

Mifano miwili kutoka mbali

Julai 2011 kampuni ya Marekani ya Netflix iliwatangazia wateja wake kwamba huduma mbili walizokuwa wakizipata pamoja kwa dola 9.99 kwa mwezi zitatenganishwa. Aliyetaka zote mbili angelipa dola 15.98, yaani asilimia 60 zaidi. Maelezo ya kampuni yalihusu mpango wake yenyewe wa biashara. Mteja hakuona gharama gani iliyopanda. Katika miezi mitatu iliyofuata kampuni ilipoteza takriban wateja 800,000 nchini Marekani.

Machi 2014 kampuni ya Amazon ilipandisha ada ya mwaka ya huduma yake ya Prime kutoka dola 79 hadi 99. Barua yake ilieleza kwamba ada hiyo haikuwa imebadilika kwa miaka tisa, ingawa gharama za mafuta na usafiri zilikuwa zimepanda. Kila mteja alilipa ada mpya pale tu muda aliokwisha kuulipia ulipomalizika. Huduma hiyo iliendelea kukua. Nyongeza hizi mbili hazikulingana kwa ukubwa, na hilo nalo lina uzito wake. Hata hivyo barua ya pili ilikuwa na mambo mawili ambayo ya kwanza haikuwa nayo: gharama ambayo kila mtu anaiona, na heshima kwa kile kilichokwisha kulipiwa.

Namna ya kuifikisha

Wateja wakubwa wapigiwe simu kabla ya barua, au muuzaji avuke mwenyewe. Barua hufuata kama kumbukumbu. Wengine watumiwe kwa WhatsApp ikiwa picha ya karatasi yenye sahihi, na asiyesoma atumiwe maelezo yaleyale kwa sauti. Isipelekwe na dereva pamoja na mzigo. Dereva hawezi kujibu maswali, na mteja aliyesimama mbele ya trei zilizoshushwa hujiona amebanwa.

Barua zote ziwe na bei moja. Mwenye duka la Birere na mwenye hoteli ya Himbi watakutana na watalinganisha. Ikiwa anayechukua trei nyingi hupata bei nafuu, kiwango hicho kiandikwe ili kila atakayekifikia apate. Kumpunguzia kwa siri yule aliyelalamika kwa sauti kubwa ni kuwaadhibu walionyamaza, na hao ndio waaminifu zaidi.

Dalili za kuangalia

Mteja anayelalamika kwa simu bado yumo. Anayetaka kuondoka mara nyingi hasemi neno. Huanza kwa kupunguza. Kwa hiyo muuzaji afungue daftari lake na kulinganisha wiki nne za kabla na wiki nne za baada, mteja mmoja mmoja. Aangalie idadi ya trei na siku kati ya agizo na agizo. Wiki ya kwanza asiitegemee, kwani walionunua akiba kwa bei ya zamani watakuwa bado wanaimaliza. Kama katika wiki ya tatu na ya nne aliyechukua trei 40 sasa anachukua 25, amepata muuzaji wa pili na anamjaribu. Hapo simu moja ya kuuliza bado inaweza kusaidia. Akisubiri hadi agizo lifike sifuri, amechelewa.

Kupunguza kukiwa kwa wateja wote kwa kiasi kinacholingana, sababu yaelekea si barua wala hisia. Huenda wanunuzi wa mwisho wa Goma wamepungukiwa fedha, au kuna mayai ya bei ndogo yaliyoingia kutoka kwingine. Barua nzuri humzuia mteja asiondoke kwa hasira, lakini haiwezi kumzuia asiondoke kwa hesabu. Tofauti ikiwa faranga 50 au 100, wengi watabaki na muuzaji wanayemjua, anayewapa mkopo na kuwabadilishia mayai yaliyovunjika. Ikiwa ni faranga 600, muuzaji arudi kwa mfugaji wake na kwenye gharama zake, kwa kuwa hapo tatizo halimo tena katika maneno.